Ada ya 60 Ilikuwa ya Muamala Upi?

Wateja wengi wa ofisi yetu ya kutunza hesabu siku hizi hupiga picha ya skrini ya taarifa yao ya pesa za simu, wakaituma kwa modeli ya akili mnemba na kuiomba iwaeleze makato yote yaliyomo. Hatuwakatazi, kwa kuwa modeli hizo hueleza vizuri maana ya maneno kama ada ya kutuma, ada ya kutoa na muamala uliorudishwa. Kosa tunalolikuta zaidi ni la namna nyingine: ada inatajwa kwa usahihi, lakini inabandikwa kwenye muamala usio wake.

Mteja wetu mmoja alituletea picha yenye mistari mitatu pamoja na maelezo aliyokwisha kuyapata. Mstari wa juu ulikuwa malipo ya bidhaa ya 2,300, na salio lililobaki ni 11,040. Chini yake palikuwa na ada ya 60, salio 13,340, na mstari wa mwisho ulikuwa fedha alizomtumia mtu, 5,000, salio 13,400. Maelezo yalisema kwamba 60 ni ada ya yale malipo ya 2,300, tena yakaongeza kwamba ni takriban asilimia 2.6 ya malipo. Kwa kuamini hivyo, alikuwa amekwisha kuamua kuacha kulipia bidhaa kwa simu.

Taarifa yake, kama zilivyo nyingi, huweka muamala mpya juu na wa zamani chini, kwa hiyo hesabu yake husomwa kuanzia chini kwenda juu. Tulimwomba atuambie salio alilokuwa nalo kabla ya kutuma fedha, akatuambia ni 18,400. Ukitoa 5,000 unabaki na 13,400. Ukitoa 60 unapata 13,340. Na ukitoa 2,300 unapata 11,040, ambalo ndilo salio la mstari wa juu. Maana yake ni kwamba ile 60 ilikwisha kukatwa kabla malipo ya bidhaa hayajafanyika. Saa nazo zilithibitisha hivyo, kwa kuwa ada na fedha zilizotumwa zilikuwa za saa 4:14 asubuhi, ilhali malipo yalifanyika jioni. Ada ilikuwa ya kutuma, na malipo ya bidhaa hayakumgharimu chochote cha ziada.

Mpangilio wa mistari peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwa sababu muamala na ada yake huweza kuandikwa katika sekunde ileile na kupangwa kwa namna yoyote. Kinachomaliza ubishi ni namba ya muamala, ambayo katika taarifa nyingi hurudiwa ileile kwenye mstari wa ada. Katika picha ya mteja huyu safu ya namba hizo ilikuwa imekatwa upande wa kushoto, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia: modeli ilikosa namba ya kuunganishia, ikategemea ujirani wa mistari badala ya saa na salio. Kwa hiyo, unapoficha majina na namba za simu za watu kabla ya kutuma picha, jambo ambalo tunakusihi ulifanye kila mara, iache safu ya namba za muamala, ya saa na ya salio.

Ile asilimia 2.6 nayo ilitutia wasiwasi. Ada za kutuma na kutoa fedha kwa kawaida hupangwa kwa madaraja, yaani kiasi chochote kinachoangukia kati ya mipaka miwili hutozwa ada ileile, na ndiyo maana kugawanya ada kwa kiasi kilichotumwa huleta asilimia inayobadilika kila mara. Mipaka ya madaraja haimo ndani ya picha. Modeli ikikutajia kiwango, huenda imekikumbuka kutoka jedwali la zamani, au la mtandao mwingine kabisa. Jedwali la kulinganisha nalo ni lile linalotumika sasa kwa mtoa huduma wako, nawe uangalie kama kodi imejumuishwa ndani ya ada au imeandikwa mstari wake.

Picha hafifu nayo hufanya 3 isomwe kuwa 8. Hesabu ya salio hulifichua kosa hilo papo hapo, kwani mstari mmoja ukisomwa vibaya, salio linalofuata halitakubali. Mstari usiokubali hata baada ya kuusoma upya kwenye simu yenyewe ndio wa kupeleka kwa mtoa huduma, ukiwa na namba yake ya muamala, tarehe na saa, bila kumpa mtu yeyote namba yako ya siri.