Wakala wa ajira ameniandikia, kazi naitaka, lakini si leo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 33, naishi Tabata na nafanya kazi katika kampuni ya malori ya mizigo hapa Dar es Salaam. Wiki iliyopita nikiwa kwenye daladala, foleni imesimama Ubungo, simu ikalia. Ni meseji ya LinkedIn kutoka kwa kaka nisiyemjua, wakala wa ajira. Anasema ameona wasifu wangu na ana mteja anayetafuta mhasibu mkuu, kituo cha kazi Mwanza. Akauliza mambo matatu: nalipwa kiasi gani sasa, naweza kuanza Januari, na kama ningemtumia wasifu kamili.

Shangazi, hiyo kazi naitaka. Mama yangu yuko Sengerema, na kila Krismasi nakata tiketi ya basi nikijiuliza nabaki Dar kufanya nini. Halafu cheo chenyewe hapa nilipo sitakipata karibuni, maana aliye juu yangu ana miaka 41 na hana dalili ya kuondoka.

Tatizo ni Januari. Kampuni yangu ilinilipia masomo na mitihani ya CPA, jumla shilingi 4,800,000, na nilisaini kuitumikia miaka miwili inayoisha tarehe 31 Machi. Nikiondoka kabla, kila mwezi uliobaki naurudisha kwa shilingi 200,000. Na wakaguzi wa hesabu wanaingia katikati ya Januari. Rejista ya malori, ile ya kuonyesha lori gani limenunuliwa lini, limechakaa kiasi gani na lipi limeuzwa, nimeijenga mimi, na mwaka huu tumeuza malori sita kwa bei za ajabu ajabu. Nilimwahidi bosi kwa mdomo wangu kwamba nitakaa na wakaguzi hadi watie saini.

Mume wangu anasema hilo ni jambo dogo, nimweleze wakala kila kitu. Nikaandika jibu la kwanza, refu kama barua ya posa, lenye mkataba wa masomo, wakaguzi na mama. Nikampelekea binamu yangu, ambaye alifanya kazi miaka minne katika ofisi ya kutafutia kampuni wafanyakazi. Alicheka, kisha akanikalisha.

Alinieleza hivi. Wakala halipwi na mimi, analipwa na kampuni inayoajiri, na mara nyingi hela inaingia pale tu mtu anapoanza kazi. Kwa hiyo akisoma jibu langu anatafuta vitu vichache: huyu anaitaka kazi, anaweza kuanza lini, atataka kiasi gani. Ukimwandikia “asante, kwa sasa siko tayari”, basi umekufa. Hajui kama maana yake ni miezi miwili au miaka mitano, na hana pa kukuweka. Ukimtajia mwezi, anakuandika kwenye kalenda. Isitoshe, nafasi za ukubwa huu husuasua: mkurugenzi anasafiri, aliyechaguliwa anapandishiwa mshahara alipo na kugoma kuondoka, msako unaanza upya. Mtu wa Aprili anaweza kujikuta ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Tukahesabu kurudi nyuma. Mkataba wangu unataka notisi ya siku 28, ambayo ndiyo sheria ya ajira inayotaka kwa anayelipwa kwa mwezi. Nikitoa notisi wiki ya kwanza ya Machi, mwanzoni mwa Aprili niko huru, na mkataba wa masomo umeisha bila kudaiwa senti. Lakini siwezi kutoa notisi bila ofa iliyosainiwa mkononi, kwa hiyo usaili wote inabidi uwe Februari. Nilikuwa nadhani “siko tayari” maana yake tuzungumze Aprili. Kumbe mazungumzo ni Februari, yaani yako karibu kuliko nilivyofikiri.

Kuhusu wasifu, mimi nyoka alishaniuma zamani. Mwaka 2022 nilimtumia wakala mwingine wasifu wangu “auweke tu”. Akaupeleka kwenye kampuni ambayo meneja wake wa fedha hucheza gofu na bosi wangu. Jumatatu bosi aliweka kikombe cha chai mezani kwangu, akasema, “Nasikia unatuaga.” Sikuwa hata najua nimeomba kazi. Binamu akaongeza lingine: wakala akishawasilisha jina lako kwa mwajiri, wengi wana makubaliano kwamba wewe ni mtu wao kwa miezi kadhaa. Hata ukiiona nafasi hiyo mwenyewe baadaye na kuomba moja kwa moja, wanaweza kugombania malipo juu ya kichwa chako, na mwajiri asiyetaka ugomvi akakuacha. Kwa hiyo wasifu hautoki kabla sijajua unakwenda wapi.

Hili ndilo jibu tulilofikia:

“Habari za leo kaka. Asante kwa kunitafuta. Kazi uliyoieleza nimeipenda, na kuhamia Mwanza kwangu si shida. Nina majukumu ya kufunga mwaka ambayo lazima niyamalize, hivyo ninaweza kuanza kuanzia wiki ya pili ya Aprili. Kama mteja wako anaweza kusubiri, tuongee kwa simu siku yoyote baada ya saa kumi na mbili jioni. Kama hawezi, naomba unitafute tena mwanzoni mwa Februari. Ningependa kujua jina la kampuni na kiwango cha mshahara walichotenga. Wasifu nitautuma baada ya hapo, na naomba usiufikishe kwa yeyote kabla hatujakubaliana.”

Mshahara wangu wa sasa sikuutaja. Nikiutaja, ofa itakuwa huo pamoja na kanyongeza.

Sasa nimekwama penye mambo mawili. Binamu anataka niondoe ile sentensi ya “kama hawezi, unitafute Februari”. Anasema nimempa wakala mlango wa kutokea, niache Aprili isimame peke yake wao ndio wakatae. Mimi naona nikiiondoa, wakikataa sitasikia tena kutoka kwake.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mume wangu bado anashikilia nitaje mkataba wa masomo, kwa kuwa ni sababu ya maandishi ambayo kila mtu anaielewa. Lakini nimepiga hesabu. Nikiondoka mwisho wa Desemba ili nianze Januari, nadaiwa miezi mitatu, shilingi 600,000. Kampuni inayotafuta mhasibu mkuu hiyo hela inaitoa bila kukuna kichwa. Wakala ataniandikia, “Hilo deni wanalilipa, anza Januari,” na mimi nitakuwa sina pa kujificha, maana kinachonizuia hasa si deni. Ni rejista ya malori na neno nililompa bosi, na neno halina bei ya kulipia. Nikilitaja kwa wakala, naogopa ataona nina moyo laini. Nisipolitaja, “majukumu ya kufunga mwaka” yanasikika kama kisingizio.

Shangazi, wewe ungeiacha ile sentensi ya Februari? Na sababu yangu niiseme ilivyo, au tarehe inatosha? Meseji ina siku ya tano leo, na kwa upande wake inaonyesha nimeshaisoma.

Ni mimi,
Mhasibu wa Tabata