Video ya Kadutu imesambaa: naomba jibu kabla ya saa 11

Jambo wandugu,

Video yetu ya mfereji wa Kadutu imesambaa ghafla. Kwa kawaida posti yetu inashirikishwa kama mara 10 katika saa ya kwanza. Hii imefika 240, na wengi wanaoandika maoni hawatufuati. Hiyo naiamini kuliko laiki. Shida ni kwamba watu wanadhani mafuriko ni ya leo, kumbe tulirekodi Jumamosi. Tarehe nimeshaiweka kwenye maoni ya juu.

Posti tatu zimepangwa kutoka zenyewe. Napendekeza:

1. Ya leo saa 12 jioni, ya mchango wa makoleo: tuisimamishe. Mtu mwenye hofu ataona tunatafuta pesa kwa mateso yake.
2. Ya kesho asubuhi, picha za mfereji: tuibadilishe, ianze na tarehe.
3. Tangazo la salongo: libaki, wageni wanauliza wasaidie vipi.

Kesho saa 3 asubuhi tutahesabu tena. Maswali ya mafuriko yakipungua, namba 1 itarudi.

Tafadhali kila mmoja ajibu ndiyo au hapana kwa kila namba kabla ya saa 11 leo. Mama wa hazina, sauti yako kwa namba 1 tunaingoja.

Asanteni sana.