Kwa wanangu mnaovuta sigara: asiyekohoa naye apimwe kifua

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliovuta sigara kwa miaka 20, 30 na zaidi. Nimeuguza wagonjwa wa kifua hadi nikastaafu, na kauli moja niliisikia mara nyingi mno: "Mimi sikohoi, kifua changu kizima." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana moshi wa sigara huharibu mapafu kwa njia mbili, na mojawapo inaweza kwenda mbali bila kikohozi cha maana.

Njia inayojulikana zaidi ni mkamba sugu. Moshi huchoma njia za hewa kila siku mpaka tezi za ute zinavimba na kutoa ute kupita kiasi, huku vinyweleo vinavyousukuma ute huo juu vikidhoofika. Ute ukikwama, hakuna wa kuutoa ila kikohozi. Mtu huhesabiwa kuwa na mkamba sugu akikohoa na kutoa kohozi siku nyingi kwa angalau miezi 3 ya mwaka, miaka 2 mfululizo, na isipatikane sababu nyingine kama kifua kikuu.

Ya pili ni emfisema, nayo hukaa ndani zaidi, kwenye vifuko vidogo vya hewa. Kuta za vifuko hivyo huliwa taratibu, vifuko vingi vidogo vikawa vichache vikubwa, na sehemu ya kupitishia oksijeni kwenda kwenye damu ikapungua. Pafu nalo hulegea kama mpira uliovutwa sana: hewa huingia, lakini kutoka ni shida, kwa sababu vijia vyembamba hujifunga mtu anapotoa pumzi. Hewa ya zamani hubaki ndani, na kifua hutanuka.

Wafikirieni wanaume wawili wenye miaka 58, kila mmoja amevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 35.

Wa kwanza ana mkamba. Hawezi kuianza siku kabla hajakohoa na kutema, na nyumbani wamezoea kukiita kikohozi cha sigara. Kila mafua humshukia kifuani, kohozi likaongezeka na kugeuka njano au kijani, kifua kikapiga filimbi. Ugonjwa ukikomaa na oksijeni ikawa chini muda mrefu, midomo huingia weusi na miguu huvimba, kwa kuwa upande wa kulia wa moyo umechoka kusukuma damu kwenye mapafu. Huyu angalau kikohozi chake kinamsema, hata kama hakisikilizi.

Wa pili ana emfisema, na huyu ndiye anayeniumiza roho. Hakohoi sana. Ameacha tu kupanda ngazi. Akitembea na mwenzake husimama njiani na kuanzisha mazungumzo, kumbe anatafuta pumzi. Kuoga anaoga ameketi. Chakula kingi kinambana pumzi, kwa hiyo anakula kidogo, na mwili unakonda kwa kuwa kupumua kwenyewe kumekuwa kazi. Akikaa huinama na kuegemeza mikono magotini, akitoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, bila kufundishwa, kwa sababu kufanya hivyo huzuia vijia visijifunge mapema. Ukimuuliza, atasema ni uzee. Basi jipimeni hivi: ukitembea mahali tambarare na watu wa umri wako wakakuacha nyuma, au ukalazimika kusimama kupumua kwa mwendo wako mwenyewe, usiusingizie uzee.

Wengi wa wanaougua huwa na vyote viwili kwa viwango tofauti, kwa hiyo msihangaike kujichagulia kimoja. Nendeni mkaombe kipimo cha spirometria. Unavuta pumzi yote, kisha unaipuliza kwa nguvu mpaka iishe; baadaye unapewa dawa ya kutanua njia za hewa na kupuliza tena. Ikiwa hewa ya sekunde ya kwanza bado haifiki asilimia 70 ya yote uliyopuliza, njia zimebana. Picha ya eksirei peke yake haitoshi, kwani mapema inaweza kuonekana safi. Na mwenye kohozi la kila siku asijipongeze kipimo kikitoka kizuri, kwani mkamba unaweza kutangulia kubana huko.

Mkiacha sigara, mwenye mkamba anaweza kukohoa zaidi wiki za mwanzo, kisha kohozi likapungua. Asirudi nyuma kwa kudhani sigara ndiyo iliyokuwa ikimtuliza. Vifuko vilivyokwisha kuliwa havirudi, lakini kasi ya kupoteza pumzi hupungua, na kwa mwenye emfisema kilichobaki ndicho cha kulindwa.

Damu kwenye kohozi, kukonda kwa ghafla, au pumzi kukatika hata umekaa: siku hiyohiyo, hospitali.