Pini za funza ziwekwe chini, kwanza tutazame sakafu

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha picha ya vijana wa kujitolea wakiwachimba watoto funza chini ya mwembe wa shule. Sina shaka na nia yao. Ila katika picha ile niliona mambo mawili ambayo sisi wahudumu wa afya ya jamii huku Kwale tunayaona kila kiangazi, na kila mara yanatuachia kazi. La kwanza ni kibati kimoja cha pini kilichokuwa kikizungushwa kutoka mguu hadi mguu. La pili ni kwamba baada ya kuchimbwa, watoto walirudi kulala pale pale walipoambukizwa.

Nianze na la pini, kwa sababu ndilo lenye hatari ya haraka. Anayejichimbia nyayoni ni funza jike, mdudu asiyezidi milimita moja. Siku ya kwanza na ya pili huonekana kama kidoa chekundu kinachowasha. Baada ya hapo tumbo lake linajaa mayai, linavimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya dengu au zaidi, na ngozi inakuwa na duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Ile nukta nyeusi si kichwa, ni makalio yake. Kichwa kimezama chini kikinyonya damu, na makalio yamebaki nje kwa sababu hapo ndipo anapopumulia, anapotolea kinyesi na anapodondoshea mayai. Ukitazama kwa makini, funza aliye hai utamwona akitoa uzi mwembamba wa kahawia au vijiyai vyeupe vikiwa vimenata juu ya ngozi. Baada ya wiki nne au tano anakufa mwenyewe, duara linanywea na kubaki gamba jeusi ambalo ngozi hulitupa nje.

Sasa mtu mwenye pini huchimba vyote, kidoa, duara na gamba, bila kutofautisha. Gamba jeusi halina funza hai ndani yake, kulichimba ni kumuumiza mtoto bure. Na duara jeupe likipasuka katikati ya kuchimbwa, kipande cha mdudu hubaki ndani ya nyama, na hicho ndicho kinacholeta usaha na uvimbe siku mbili tatu baadaye. Pini iliyotoka kwenye damu ya mtoto mmoja na kuingia kwa mwingine inaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya ukimwi. Pepopunda nayo huingia kwenye kidonda cha udongo, na mtoto ambaye hakukamilisha chanjo hana kinga dhidi yake. Kupitisha pini kwenye moto wa kiberiti kati ya mtoto na mtoto, kama nilivyosikia wengine wakijitetea, hakuwezi kuwa mbadala wa sindano safi kwa kila mtoto. Katika foleni ya watoto hamsini, pini ya arobaini hakuna anayeikumbuka kama ilipita motoni.

Kwenye zahanati, funza akilazimika kutolewa, hutolewa na mtu aliyefunzwa na mwenye glovu. Mguu huoshwa kwa sabuni na kupakwa dawa ya kuua vijidudu, sindano mpya ya mtoto huyo peke yake hupanua ukingo wa tundu polepole mpaka mdudu atoke mzima, kisha kidonda hufunikwa na sindano kutupwa kwenye kasha lake. Kazi hiyo ni ya funza mmoja au wawili. Mtoto mwenye funza thelathini hawezi kuvumilia kuchimbwa hivyo, na hapaswi kulazimishwa.

Kwa mtoto wa namna hiyo iko dawa ambayo naona bado haijulikani vya kutosha, nayo ni dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni yanayouzwa pia kwa ajili ya chawa. Hayana sumu ya kuua wadudu. Yanafanya kazi kwa kutiririka na kuingia kwenye matundu ya kupumulia yaliyoko katika ile nukta nyeusi, na kuyaziba. Jaribio lililofanywa hapa Kenya na matokeo yake kutangazwa mwaka 2014 lilipaka mguu mmoja wa mtoto dimetikoni na mwingine likauchovya katika maji ya pamanganeti ya potasi. Baada ya siku 7, funza 78 kati ya kila 100 kwenye miguu ya dimetikoni walikuwa wamekufa, na upande wa pamanganeti 39 tu. Ni tofauti kubwa, hasa ukizingatia kwamba pamanganeti ndiyo ambayo wengi wetu tumezoea kuibeba kwenye ndoo.

Matone yaelekezwe kwenye nukta yenyewe, mguu ukiwa umeoshwa na kukauka, na yarudiwe ngozi ikiendelea kulowa. Kuna tahadhari mbili. Mafuta haya hushika moto, kwa hiyo yasipakwe karibu na koroboi au jiko. Tena dimetikoni ya chawa ndiyo inayotakiwa. Ile iliyochanganywa ndani ya krimu ya mikono, au dawa ya matone ya tumbo la gesi kwa watoto wachanga, haina wepesi wa kupenya kwenye tundu la funza. Pakikosekana dimetikoni, pamanganeti si haramu, ila iwe nusu gramu kwa lita moja ya maji, mtoto aloweke miguu tu, na chembe zake zikae mbali na mikono midogo, kwani zikiwa nzito zinaunguza na zikimezwa ni hatari. Mafuta ya taa, petroli na dawa ya josho la ng'ombe zisipakwe mguuni kamwe. Nimeona ngozi ya kisigino ikibabuka kwa ajili hiyo, na funza wakiwa bado humo.

Nije kwenye sakafu, ambako ndiko hasa kulikonifanya niandike. Mayai yanayodondoka kutoka kwenye nyayo huanguka ndani ya nyumba, kwenye vumbi la chumba cha kulala, na kuanguliwa baada ya siku 3 au 4. Viluwiluwi hula taka ndogondogo zilizomo kwenye mchanga mkavu, hujifunga kwenye vifuko, na baada ya wiki tatu hivi kiroboto mpya yuko tayari kuruka. Kwa hiyo siku ya kuwachimba watoto chini ya mwembe, kizazi kinachofuata kilikuwa tayari kimo chini ya mikeka yao.

Nitoe mfano wa nyumba moja ninayoitembelea, bila kuitambulisha. Mtoto wa miaka 7 analelewa na bibi yake kwenye nyumba ya udongo, sakafu ya mchanga mlaini. Analala juu ya gunia, na mbuzi wawili hufungwa ndani usiku kwa kuhofia wezi. Mtoto alikuwa ameanza kutembea kwa ukingo wa nje wa nyayo na kuficha miguu chini ya dawati. Alichimbwa katika siku ya funza kama hiyo mliyoipiga picha, akapewa viatu, akashangiliwa. Mwezi haukuisha vizuri kabla visigino havijajaa tena. Jirani wakasema ni laana ya ukoo. Nilimwambia bibi yake, “Bibi, mdudu huyu alishushwa na meli kutoka Brazili, ikatia nanga Ambriz kule Angola mwaka 1872, na kabla karne ile kuisha alikuwa ameshalivuka bara hadi pwani yetu. Ukoo wako hauhusiki.” Alicheka, lakini naamini lilimpunguzia mzigo.

Kisha tukapanga nyumba. Viatu alivyopewa mtoto vilikuwa vizuri lakini havikuwa na kazi, maana ndani ya nyumba hakuna anayevaa viatu, na funza walikuwa wakimpata usiku. Tulianza na kitanda cha kamba, apate kulala juu. Mbuzi wakahamishiwa kibanda cha nje kilichofungwa kwa komeo, na kwato zao zikakaguliwa, kwa sababu mbuzi, mbwa, paka na panya hubeba funza kama sisi. Kila jioni mtoto anaoshwa miguu kwa sabuni na bibi anaikagua kwenye mwanga, katikati ya vidole na chini ya kucha. Funza aliyeingia leo akigunduliwa leo hajapata nafasi ya kutaga. Chumba kinanyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa ili vumbi lisiruke, na takataka zinachomwa, hazimwagwi mlangoni.

Vyote hivyo vinapunguza. Kinachokata mzunguko ni sakafu ngumu isiyo na nyufa. Si lazima nyumba nzima. Eneo la kulala la mita 2 kwa mita 2, udongo ukishindiliwa vizuri na kumwagiwa zege la unene wa sentimita 5, linahitaji zege la ujazo wa tano moja ya mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 inatosha na kubaki kidogo cha kuziba ukingo wa ukuta. Ukingo usisahaulike, mchanga wa pembeni ndio hurudisha funza. Asiye na saruji akandike kwa udongo wa mfinyanzi na samadi, ila ajue kwamba sakafu hiyo hupasuka kiangazi, yaani msimu ule ule wa funza, na lazima ikandikwe upya kila inapopasuka.

Mtoto yule alitiwa dimetikoni, kisha nikawa namkagua kila wiki. Wiki za kwanza vidoa vyekundu vipya viliendelea kutokea, na bibi akadhani dawa imeshindwa. Walikuwa ni wale waliokuwa kwenye vifuko mchangani. Baada ya miezi miwili hivi kulikuwa na magamba tu, akarudi kucheza mpira. Uvimbe, harufu au homa vikiwa bado vipo, au taya likikaza, hapo si kazi yetu tena, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Waandaaji wa siku za funza nawaomba hivi, kupitia gazeti lenu. Wakirudi huku, waje na chupa za dimetikoni na mifuko ya saruji badala ya vibati vya pini, na watangaze mapema siku ya kurudi wiki ya nne kukagua miguu ile ile. Orodha ya nyumba zenye sakafu za mchanga na watoto wanaolala chini tunayo, kila mhudumu ana daftari la eneo lake.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Matuga, Kwale