Barua kwa Neema kuhusu mpango kazi wa tasnifu yake

Bagamoyo,
18 Oktoba 2026

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka pwani. Sisi wazima, na mama anakusalimu, anauliza lini utakuja ule pweza aliyekuahidi.

Jedwali lako la mpango kazi nimelipata Jumatano na nimelisoma mara tatu. Mada yako ya kina mama wakulima wa mwani wa Mlingotini naipenda sana, ndiyo maana sitaki ikukwamie njiani. Naona muda uliojipa hautoshi, na sehemu mbili zitakuumiza: siku 15 za dodoso mwezi wa Februari, na zile wiki mbili za Machi ulizoandika "kunakili mahojiano na kuchambua".

Nianze na dodoso. Umepiga hesabu hivi: kaya 180, watu watatu (wewe na wasaidizi wawili), kila mmoja madodoso manne kwa siku, basi siku 15. Kwa Dodoma hesabu hiyo ingeweza kusimama. Huku mkulima wa mwani hafuati kalenda ya ukutani, anafuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka sana na kupwa kunaangukia kama saa nne asubuhi. Hapo ndipo wanapoingia baharini kufunga mbegu, kukaza kamba na kuvuna. Utawakuta ufukweni wamevaa soksi na viatu vya mpira, miguu ndani ya maji, na hakuna atakayesimama dakika 45 akujibu maswali huku maji yanaanza kujaa. Wanarudi saa saba au saa nane, wamechoka, na bado mwani unataka kuanikwa na chakula kinataka kupikwa. Ukipata madodoso mawili kwa kila mtu jioni hiyo, umefanya kazi. Siku za maji mafu, maji yasipotoka sana, ndizo utawapata majumbani tangu asubuhi, na hapo manne yanawezekana.

Sasa rudia hesabu. Katika wiki mbili, ukiacha siku moja ya kupumzika kila wiki, una kama siku sita za bamvua na sita za maji mafu. Watu watatu: siku sita mara madodoso 6 ni 36, siku sita mara 12 ni 72, jumla 108. Kaya 180 zinataka zaidi ya wiki tatu. Lakini umesahau kwamba mahojiano ya kina 24 utayafanya wewe mwenyewe, na siku unayohoji hujazi dodoso. Wakibaki wasaidizi wawili peke yao, wiki mbili zinatoa 72 tu, na 180 zinakula wiki tano kamili, bila ya kuhesabu nyumba utakazorudia kwa sababu mwenyewe kaenda msibani Zinga. Ongeza msaidizi wa tatu, wa pale pale kijijini, urudi kwenye 108. Na kabla ya yote weka siku tatu za kulijaribu dodoso kwa watu kumi wasiomo kwenye sampuli. Ukiona swali moja linajibiwa "inategemea" na kila mtu, hilo swali ni bovu, lirekebishe kabla hujachapa nakala zote.

Halafu Februari yenyewe. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuandama siku za mwanzo za mwezi huo, na huku karibu kila nyumba inafunga. Mchana watu wana saumu, alasiri wanawake wako jikoni kwa ajili ya futari, usiku wako tarawehe. Ikiisha tu, masika yanaingia. Kwa hiyo uwanja wako ni Januari, tangu tarehe 4 hadi mwezi kuandama, karibu wiki tano. Ndani ya hizo, madodoso 180 kwa wasaidizi watatu yanaenea, na zinabaki siku za kurudia.

Lakini Januari haitawezekana kama barua za kibali utaanza kuzishughulikia Januari, kama ulivyopanga kwa "wiki moja". Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na mkoa wetu ni Pwani, ofisi zake ziko Kibaha, si hapa. Kutoka Kibaha inakuja kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa mkurugenzi, kisha kwa mtendaji. Kila ngazi inaandika barua yake. Nilipofanya utafiti wangu wa wavuvi, ofisi moja ilikaa na barua yangu siku 19 kwa sababu aliyetakiwa kusaini alikuwa safarini, na mimi nilikuwa nimeshawalipa wasaidizi wawili malipo ya awali. Niliumia sana. Omba barua ya chuo wiki hii, uifikishe Kibaha kwa mkono wako Novemba, maana Desemba ofisi zinapoa.

Sehemu ya pili inayonitia hofu ni kunakili. Mahojiano 24 ya dakika 50 ni saa 20 za sauti. Saa moja ya sauti, kwa mtu makini, inakula saa nne hadi sita za kuandika, na kwa lafudhi ya pwani, watoto wakilia nyuma na upepo ukipiga kwenye simu, wewe weka sita. Hizo ni saa 120. Hakuna anayeweza kukaa na vipokea sauti masikioni zaidi ya saa tano kwa siku akabaki anasikia vizuri, kwa hiyo ni siku 24 za kazi kabla hujaanza kuchambua hata sentensi moja. Na tasnifu unaiandika kwa Kiingereza, kwa hiyo kila dondoo utalitafsiri.

Ushauri wangu, zungumza na msimamizi mshuke hadi mahojiano 15. Hao ni watu wa kundi moja na kazi moja, na utaona kuanzia wa kumi au wa kumi na mbili majibu yanaanza kufanana. Kumi na tano ni saa 12 na nusu za sauti, yaani siku 15 za kunakili. Anza kunakili jioni ile ile ya mahojiano ya kwanza. Faida si muda tu: ukisikiliza mapema utagundua pale ulipomkatiza mama wa watu alipokuwa anataka kueleza bei, na kesho yake hutarudia.

Kwenye uandishi nina moja tu. Jedwali lako halina hata mstari mmoja wa msimamizi kusoma. Mpe wiki tatu kwa kila rasimu, na hesabu rasimu mbili. Wakati yeye anasoma sura ya nne, wewe rudi sura ya tatu ubadilishe kila "utafiti utatumia" kuwa "ulitumia", na uandike kilichofanyika kweli, ikiwemo idadi ya kaya ulizozikosa. Kwa mwendo huu kunakili kunaishia Februari, uchambuzi Machi na nusu ya Aprili, sura zilizobaki hadi mwisho wa Mei, na kusoma na kusahihisha kunakufikisha katikati ya Julai. Tarehe yako ya 30 Aprili ifute.

Nimeshaongea na mama mmoja mkulima kule Mlingotini, amekubali kukupokea na ana binti aliyemaliza kidato cha sita anayeweza kuwa msaidizi wako wa tatu. Nitumie jedwali jipya kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, uweke safu ya bamvua na maji mafu pembeni ya tarehe. Nikilipata nitalipeleka kwake alitazame, maana siku za maji anazijua kuliko sisi wote.

Wako shoga,
Mwanaidi