Ukuta wa shemeji umeingia kwangu: nichukue pesa au nidai mpaka?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mjane, mama wa watoto watatu, mkazi wa Goba, Dar es Salaam. Naomba ushauri wa wasomaji, hasa waliowahi kufika Baraza la Kata kwa ugomvi wa mpaka. Kama kuna mwanasheria au mpima ardhi atakayeisoma barua hii, naye namwomba asinipite.

Kiwanja chetu kimepimwa na kina hati. Upana wake ni mita 20 na urefu mita 30. Marehemu mume wangu alikinunua 2011, na jirani wa upande wa kulia alihamia mwaka uliofuata. Yeye na mume wangu walishibana kama ndugu, ndiyo maana mimi na yeye tunaitana shemeji mpaka leo. Mkewe ndiye aliyelala na mimi kwenye mkeka siku zote za matanga, 2022. Nayasema haya ili mjue kwamba siandiki kwa chuki.

Chanzo cha yote ni michongoma. Mwaka 2012 mume wangu alipanda ua wa michongoma upande huo. Mbele aliuanzia pale pale kwenye bikoni, lakini alivyokuwa akienda nyuma aliuingiza ndani ya kiwanja chetu kidogo kidogo, ili kati ya ua na mpaka ibaki nafasi ya mtaro wa maji ya mvua. Goba ni vilima, kila mtu anajua. Maji ya juu yote yanapita kwetu kuteremkia korongoni. Kila mwaka kabla ya masika alimlipa kijana mmoja wa mtaani kuuzibua mtaro huo. Kwa hiyo ule ua haukuwa mpaka. Mpaka ulikuwa ng'ambo ya mtaro.

Mwaka 2023 nilikwenda Lushoto kumuuguza mama, nikakaa miezi miwili. Niliporudi nilikuta michongoma imeng'olewa na ukuta wa tofali umesimama, umeshapigwa plasta. Shemeji alinipokea getini kwa furaha, akaniambia, "Shemeji, nimekufungia ulinzi, hukuchangia hata tofali moja." Nami nikamshukuru. Sikujua lolote, na mume wangu ambaye angejua alikuwa ameshatangulia.

Maji ndiyo yaliyoniamsha. Masika ya 2024 maji yalikosa njia, yakasimama nyuma ya jiko mpaka yakaingia kwenye karo, na uani hapakupitika. Mtaro ulikuwa umefukiwa chini ya msingi wa ukuta. Nikaomba tepu ya fundi, mimi na kijana wangu wa sekondari tukapima. Mbele, kutoka bikoni ya kushoto hadi ukutani, tulipata mita 20 kamili. Nyuma, kutoka bikoni ya kushoto hadi ukutani, mita 18.8. Tukarudia mara tatu. Kijana akapiga hesabu kwenye daftari lake: ni pembetatu, nusu ya mita 1.2 mara mita 30, yaani mita za mraba 18. Kwa wengine ni ndogo. Kwangu ndiyo njia ya maji.

Nilimwendea shemeji kwa adabu, jioni, nikiwa na mdogo wangu wa kiume. Hakukasirika. Alisema fundi alivuta kamba kutoka bikoni ya mbele hadi kwenye shina la mwisho la michongoma, kwa sababu bikoni ya nyuma haikuonekana, na yeye siku zote aliamini ua ndiyo mpaka. Hapo namwamini. Kesho yake akamleta kijana mwenye programu ya ramani kwenye simu. Akasimama kwenye kona ya nyuma, akasoma namba, akasema ukuta uko sawa. Nikamwomba asimame tena pale pale baada ya robo saa. Alama ilikuwa imehama karibu mita nne. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, nasi tunagombania mita 1.2. Haiwezi kuamua jambo hili, hata kama mwenye nayo ni mkweli.

Basi nikatafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, afufue mipaka. Alianza kwa kuchukua ramani ya upimaji na namba za bikoni kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri. Siku ya kazi walikuwapo mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, shemeji na mimi. Mpima alikuja na kifaa chake cha miguu mitatu, akakisimika kwanza kwenye alama ya upimaji iliyoko nje kabisa ya viwanja vyetu. Kisha akazipima bikoni zetu tatu zinazoonekana, zote zikakubaliana na ramani. Halafu akaitafuta ya nne. Fimbo yake ilisimama upande wa shemeji, mita 1.2 kutoka ukutani, chini ya mgomba. Shemeji mwenyewe akaruhusu pachimbwe. Kwenye kina cha kama sentimita 40 jembe likagonga zege. Kipande cha zege kimelala ubavu, katikati kina chuma kilichoshika kutu, na namba yake inasomeka tarakimu mbili tu za mwisho. Wote tulinyamaza.

Shemeji ndipo alipobadilika. Akasema jiwe hilo limehamishwa. Mpima akamjibu kwamba jiwe moja ni kweli linaweza kuhamishwa, tena ni kosa kisheria, ila yeye hakulifuata jiwe. Alifuata namba za kwenye ramani, zikampeleka pale kabla jembe halijagusa ardhi, na umbali kutoka bikoni nyingine ulikuwa mita 20 na mita 30 kama ilivyoandikwa. Alituandikia ripoti yenye saini na mhuri, na nakala nilimpa mwenyekiti.

Mwenyekiti alituita tukae. Shemeji akatoa wazo la kunilipa shilingi milioni moja na nusu niuache ukuta ulipo, na mwenyekiti akasema ofisi yake itatuandikia karatasi ya makubaliano, mashahidi watie saini, yaishe. Ningekubali, kusema kweli. Ada ya shule ilikuwa inanidai. Lakini mpima alinivuta pembeni akanieleza kwamba karatasi ya mtaa haisogezi mpaka wa kiwanja kilichopimwa. Ili zile mita za mraba 18 ziwe za shemeji, lazima upimaji urekebishwe, ramani mpya iidhinishwe, na hati zetu zote mbili zibadilishwe zifuate ramani hiyo. Bila hivyo, siku watoto wangu watakapotaka kuuza au kukopa, atakayekuja kukagua atakuta ardhi na hati havifanani. Na mimi si mwenye mali peke yangu. Hati bado ina jina la marehemu. Mahakama ya Mwanzo iliniteua msimamizi wa mirathi, kwa hiyo ninayoigusa ni haki ya watoto.

Niliposita, shemeji alikuja na neno jingine, nadhani kuna aliyemfundisha. Anasema ua ulipandwa 2012, na mtu akikaa na ardhi miaka 12 bila kudaiwa, mwenyewe hawezi tena kuidai. Hiyo miaka 12 nimeambiwa ni kweli ipo kwenye sheria ya ukomo wa madai. Mimi naona hesabu yake imeanzia mahali pabaya. Ua tuliupanda sisi. Ng'ambo ya ua palikuwa na mtaro wetu, tukiuzibua sisi kila mwaka kwa pesa zetu, yeye hakulima pale wala kujenga. Aliingia pale 2023, siku aliyong'oa michongoma. Kijana aliyekuwa akizibua mtaro yupo hai na yuko tayari kusema. Nina pia picha ya kipaimara cha binti yangu, tumesimama uani, na nyuma yetu michongoma na ule mtaro vinaonekana. Je, ushahidi wa namna hii una uzito mbele ya baraza?

Sasa nimefika palipoziba. Nilipeleka malalamiko Baraza la Kata, nikiwa msimamizi wa mirathi na barua yangu ya uteuzi mkononi, kwa kuwa wakili mmoja alinionya nisifungue kwa jina langu tu. Nilielezwa pale kwamba tangu sheria irekebishwe 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa linatoa cheti, nami naenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 tangu kufungua bila suluhu, naruhusiwa kwenda hata bila cheti. Siku ya kwanza shemeji hakutokea. Ya pili alituma udhuru. Leo ni siku ya 17.

Na Jumamosi iliyopita zimeshushwa tofali upande wake. Amechimba msingi wa vyumba vitatu vya wapangaji, na ule ukuta ndio atakaoufanya ukuta wa nyuma wa vyumba hivyo. Ukuta mtupu unaweza kuvunjwa na kujengwa upya pahali pake, hata gharama tungeweza kusaidiana, nilishamwambia hivyo. Lakini paa likishapanda na familia za watu zikaingia, nani atabomoa? Nani atakuwa na moyo huo, hata mimi?

Zuio la ujenzi najua linaombwa Baraza la Wilaya, ila sijafika huko, na siku 13 zinatosha fundi kufika kwenye lenta. Nimeshauriwa niende halmashauri nikaulizie kama vyumba vile vina kibali cha ujenzi, maana kama hakuna, mkaguzi atakuja kuandika SIMAMISHA UJENZI kwa rangi nyekundu. Nadhani hana kibali. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimempeleka shemeji yangu serikalini kwa kosa jingine kabisa, na mkewe sijui nitamtazama kwa macho gani. Jana alinipitishia mboga kama kawaida, hakusema neno, nami nilishindwa kumuuliza.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Aliyewahi kukwama kwenye siku hizi 30 huku jirani anajenga, alifanyaje? Kuna njia ya kupeleka maombi ya zuio Baraza la Wilaya kabla ya cheti, au niende tu kwa mkaguzi wa majengo? Na kama mngekuwa ninyi, mngekubali ukuta ubaki kwa sharti la yeye kunijengea mtaro mwingine na kugharamia upimaji na hati mpya zote mbili, au mngeshikilia bikoni ilipo?

Ile bikoni tumeiacha kwenye shimo lake chini ya mgomba, mwenyekiti ameifunika kwa bati na jiwe juu. Kila asubuhi nachungulia dirishani kuona kama bati lipo.

Wenu,
Mama wa watoto watatu,
Goba, Dar es Salaam