Mimi Ng'ombe, yeye Nge: hivi tunapendana au tunashindana?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 30, naishi Tanga, nina duka dogo la vitenge na mashuka. Mchumba wangu ni fundi wa friji na viyoyozi. Huu ni mwaka wetu wa 3, barua ya posa imeshafika kwetu na wazee wanangoja nitaje tarehe. Kila wakiniuliza napata udhuru.

Mimi nimezaliwa 5 Mei, yeye 7 Novemba. Kwa wanaofuata nyota, mimi ni Ng'ombe na yeye ni Nge, nyota ya saba kutoka yangu, upande wa pili kabisa wa duara. Tena tumepatana kinyume barabara: siku niliyozaliwa jua lilikuwa kwenye digrii kama 15 za Ng'ombe, siku yake lilikuwa kwenye digrii kama 15 za Nge. Kuna dada mmoja wa Dar anayesoma nyota. Nilipompa tarehe hizo alicheka kwanza, akaniambia, "Mdogo wangu, nyumba ya saba ni ya mume. Na ndiyo hiyo hiyo ya adui."

Nikadhani ananitania. Kumbe ndivyo wanajimu walivyopanga tangu kale: mwenza wa ndoa na adui wa waziwazi wamewekwa nyumba moja. Si adui wa kukusengenya, huyo ana nyumba yake nyingine. Ni yule mnayetazamana usoni. Akanieleza kwamba Ng'ombe ikizama magharibi, Nge ndiyo inachomoza mashariki, kwa hiyo kila mmoja amebeba upande ambao mwenzake hauoni kwake mwenyewe. Mimi nyota yangu ni ya udongo na inatawaliwa na Zuhura, yake ni ya maji na inatawaliwa na Mirihi. Udongo bila maji ni vumbi, na maji bila udongo hayana pa kutuama, ndiyo maana tukionana tu tunavutana. Lakini zote mbili ni katika zile nyota nne wanazoziita thabiti, pamoja na Simba na Ndoo, na nyota thabiti haigeuki ikishaamua. "Wengine wakigombana mmoja huchoka," alisema. "Ninyi hamchoki."

Hapo ndipo aliponigusa, Shangazi, maana ugomvi wetu ni mmoja tu, na ni wa mali. Anasema hata hilo limo: Ng'ombe ni nyota ya changu, nilichokichuma kwa mkono wangu, na Nge ni ya chetu, mali ya kuchanganya, madeni, urithi na siri zinazokwenda navyo.

Mwaka juzi tulivunja kikoba, nikaongezea akiba yangu nikanunua kiwanja Pongwe. Sikumwambia. Karatasi ya mauziano, yenye muhuri wa serikali ya mtaa na jina langu peke yangu, niliiweka kwenye kopo la biskuti chini ya meza ya duka. Siku moja alikuja kunitengenezea feni, akatafuta bisibisi, akafungua lile kopo. Aliisoma yote. Hakupaza sauti. Akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha, akamalizia kufunga feni, akaijaribu kama inazunguka, akaondoka. Chai niliyommiminia ilibaki pale mpaka ikafanya utando.

Akanyamaza siku 9. Nami sikupiga simu hata mara moja. Nilikuwa najiambia fedha ni yangu, kosa langu liko wapi? Siku ya 10, wakati nafunga duka, nikamkuta amekaa kwenye benchi la nje. Nikamuuliza, "Umekula?" Akasema, "Bado." Basi, yakaisha hapo. Na nakuambia ukweli, nikikuficha utanishauri vibaya: sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda jioni ile. Magoti yalinilegea. Kiwanja hatukukigusa, na miezi miwili baadaye tukaanza upya: yeye anataka jina lake liandikwe, mimi nasema tuoane kwanza.

Tumerudia hivyo mara 4 sasa. Ananyamaza, nakaza, anarudi, tunawaka.

Kilichonitisha ni mara ya mwisho. Alikuwa amelipwa kazi kubwa ya chumba cha baridi, nikamuuliza kiasi gani. Akanijibu, "Hiyo ni jasho langu, niachie." Maneno yangu mwenyewe, Shangazi, neno kwa neno! Alipokwenda kuswali nikachukua simu yake nikasoma meseji za miamala moja baada ya nyingine, mimi ambaye nilimwita mpekuzi kwa sababu ya kopo la biskuti. Aliporudi akanikuta nayo mkononi. Hakugomba. Akasema, "Sasa umeona raha yake?" Nilipomsimulia yule dada akasema hiyo ndiyo kawaida ya nyota za kinyume: unamlaumu mwenzako kwa jambo ulilolizika ndani yako, na siku likifukuka mnabadilishana viti, mzani unapanda upande ule na kushuka upande huu, lakini mchezo ni ule ule.

Nisikudanganye kwamba nimemeza yote. Bibi yangu hataki kabisa kusikia habari za tarehe. Kwake nyota ni ya falaki: hesabu ya herufi za jina lako na la mama yako kwa abjadi, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako. Mwalimu wake alitupigia hesabu, mimi nikabaki na 4, Kaa, mwenzangu akabaki na 8, Nge. Wote maji. Akasema tunafaana kuliko wengi anaowajua. Kwa hiyo mtu yule yule ni kinyume changu Dar na ni ndugu yangu wa maji Tanga. Halafu kaka yangu, anayependa kuharibu stori, akanisomea utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester wa 2007 uliopekua ndoa milioni 10 za Uingereza na Welisi kutoka sensa ya 2001. Hawakukuta nyota yoyote inayooana na nyingine kuliko bahati tu. Nikamwambia hao waliangalia nani kamwoa nani, hawakuangalia nani kanuniana na nani siku 9. Akacheka, lakini najua nilikuwa najitetea.

Mama yangu yeye anasema nyota hazina kosa, kosa ni karatasi. Niandike majina mawili au niseme wazi kwamba siandiki, basi.

Nami naogopa yote mawili. Nikiandika jina lake, naona kama nimeshindwa, na namjua, ataniheshimu wiki moja kisha atatafuta kopo jingine. Nisipoandika, naingia kwenye ndoa na siku 9 zangu mkononi. Na kuna hofu ya tatu ambayo sijamwambia mtu: mapenzi yetu yote matamu ni ya ile siku ya 10. Sikumbuki tamu nyingine kama ile. Tukipatana kweli kuhusu kiwanja, hiyo siku ya 10 itatoka wapi?

Shangazi, wewe umeona ndoa nyingi. Wapo waliovutana hivi wakatulia na bado wakatakana? Na hiyo karatasi, niizungumze naye kabla ya kutaja tarehe, au niwaite wazee wakae kati yetu? Wazee wanakuja tena Ijumaa ijayo baada ya swala. Karatasi bado iko kwenye kopo.

Ni mimi,
Muuza vitenge, Tanga